VOWER au VOWERS?

Tuseme unafungua mchezo wa Scrabble ya Kiingereza na umeokota herufi E, O, R, S, T, V na W. V na W zina pointi 4 kila moja, nyingine zote pointi 1. Ukizitazama vizuri unaliona neno VOWER, yaani mtu anayeweka nadhiri. Herufi zake zinajumlisha pointi 11.

Neno la kwanza lazima lipite kwenye nyota ya katikati, ambayo huzidisha neno zima mara mbili. Ukilianzia pale kwenye nyota yenyewe kuelekea kulia, R inaangukia mraba wa buluu hafifu unaozidisha herufi mara mbili, nawe unapata 24. Sasa lisogeze kushoto, V ikae mraba wa nne kutoka ukingoni na R ya mwisho juu ya nyota. Mraba huo wa nne nao huzidisha herufi, na safari hii aliyeukalia ni V. Pointi zake 4 zinakuwa 8, jumla ya herufi inafika 15, na nyota inakupa 30. Herufi huzidishwa kwanza, ndipo neno. Anayegeuza utaratibu huo atahesabu 11 mara mbili, aongeze 4, apate 26, na kujinyima pointi 4 za halali.

Mkononi bado una S na T. Ukiongeza S upate VOWERS, unafikia 32. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanaangalia zamu moja tu. S ziko 4 pekee kati ya vigae 100. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930, aliziweka chache makusudi ili wingi wa maneno usiwe rahisi mno. S hukuwezesha kurefusha neno lililokwisha kuwekwa huku ukiunda jingine linalolikata, ukalipwa kwa yote mawili. Pia husaidia kupata neno la kumaliza vigae vyote saba kwa mpigo, lenye nyongeza ya pointi 50. Wachezaji wazoefu huikadiria S kuwa na thamani ya pointi 8 hivi inapobaki mkononi. Kuitoa kwa pointi 2 ni hasara, kwa hiyo mimi ningecheza VOWER.

Kuna hatari moja: mpinzani mwenye S anaweza kuining'iniza kwenye VOWER yako. Lakini hata wewe unayo, na akishindwa zamu hii, nafasi ni yako.

Hesabu hii hubadilika mfuko ukiisha. Kwa kuwa hakuna tena vigae vya kuokota, S haina wa kuungana naye isipokuwa ulivyo navyo mkononi, na ikikusalia mchezo unapokwisha, pointi yake inakatwa kwenye jumla yako. Wakati huo pointi 2 za sasa hivi zinaweza kuamua mshindi.