Kura moja, tarakimu sita: jinsi ‘sahihi’ ya mtandaoni inavyofunga biashara ya mpakani

NAMANGA. Ujumbe uliingia saa mbili kasoro usiku, kutoka kwa mwanamke ambaye hununua naye vitunguu Mang'ola kila msimu. “Shoga, tia sahihi hapa tupunguziwe tozo za mpakani. Bado sahihi chache tu, na leo ni siku ya mwisho.” Chini yake palikuwa na kiungo.

Mfanyabiashara huyo, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipeleka vitunguu Nairobi kupitia Namanga na ameomba jina lake lisiandikwe, hakuona cha kutilia shaka. Tozo ni kilio cha kila siku, na aliyetuma ni mtu anayekula naye sahani moja. Akafungua. Ukurasa ulikuwa na picha ya foleni ya malori, idadi ya waliokwisha kutia sahihi, na nafasi mbili za kujaza: jina na namba ya simu ikianza na 255.

Alipojaza, ukurasa ukamwambia kwamba ili sahihi yake ihesabiwe, atapokea msimbo wa tarakimu sita kwenye simu, auandike hapo. Msimbo ukaja kweli. Akauandika. Ukurasa ukamshukuru.

Dakika chache baadaye WhatsApp yake ikajifunga, ikisema namba hiyo imesajiliwa kwenye simu nyingine. Alidhani ni mtandao wa mpakani, ambao huyumba kati ya minara ya Tanzania na ya Kenya. Akaiweka simu chaji, akalala.

Kilichotokea si uchawi, na si kwamba simu yake “ilidukuliwa” kama wengi wanavyosema. WhatsApp haina nywila ya kuingilia kama barua pepe. Anayetaka kuitumia huandika namba ya simu, kampuni hutuma msimbo wa tarakimu sita kwenye laini hiyo, na mwenye msimbo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye namba. Mama huyu alipoandika namba yake kwenye ule ukurasa, tapeli aliichukua na kuiandika kwenye WhatsApp ya simu yake mwenyewe. Msimbo uliokuja haukutumwa na watu wa sahihi. Ulitumwa na WhatsApp, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anajaribu kuingia kwa namba yake. Ujumbe ulisema hivyo wazi, tena ukaonya usimpe mtu mwingine. Lakini nani husoma maneno, wakati anazitafuta tarakimu tu?

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Si kila anayeomba msimbo ni tapeli. Benki huomba, na tovuti nyingi halali huthibitisha namba kwa njia hiyo hiyo. Cha kuangalia ni msimbo umetoka kwa nani na ni wa kufungulia nini. Msimbo wa WhatsApp unaandikwa ndani ya WhatsApp peke yake. Ukurasa wa kura, wa sahihi, wa mashindano ya mtoto mrembo au wa mfanyabiashara bora wa mwaka hauna njia yoyote halali ya kuutumia.

Hata sahihi zenyewe haziendi hivyo. Nchini Kenya, ambako Katiba kwenye kifungu cha 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa maombi hayo inataka jina la mwombaji, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi au alama ya dole gumba. Tovuti kubwa za kukusanya sahihi nazo hutumia barua pepe. Hakuna panapotakiwa tarakimu za programu nyingine.

Asubuhi, simu ya kwanza ilitoka kwa dalali wa Namanga. Alipiga simu ya kawaida. “Mama, umekwama wapi? Unaomba hela kwenye grupu tangu jana.”

Tapeli anapoingia kwa njia hii haoni mazungumzo ya zamani, kwa kuwa yamebaki kwenye simu ya mwenyewe. Anachopata ni magrupu yote, namba za wanachama wake, na kila ujumbe mpya unaoingia. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hiyo inatosha. Mteja wake wa Nairobi alikuwa ameandika saa tatu usiku kuuliza kama lori limevuka. Aliyejibu alikuwa tapeli: lori limezuiwa forodhani, kuna malipo yamepelea, tafadhali nitumie shilingi 18,000 za Kenya, tutakata kwenye mzigo.

Mteja alituma. Jina lililotokea kwenye M-Pesa kabla hajathibitisha halikuwa la mama wa vitunguu, na aliliona. Alipouliza, akajibiwa kuwa hiyo ni namba ya kijana wa wakala wa forodha. Mtu wa mjini anaweza kumcheka, lakini wanaofanya kazi hii wanajua kwamba hela ya mzigo hupitia mikono mingi: wakala, dereva, wapakiaji, mwenye kibanda. Jina tofauti mpakani ni jambo la kila siku, na matapeli wamelijua hilo.

Dalali yeye aliponea kwenye jambo dogo. Ujumbe aliotumiwa ulimwita “ndugu mpendwa”, na huyo mama hajawahi kumwita hivyo tangu wafahamiane.

Baada ya kugundua, mama alifanya jambo sahihi, ingawa kwa kuchelewa. Alifungua WhatsApp, akaandika namba yake upya, akaomba msimbo kwa ujumbe mfupi. Mwanzoni programu ilimwambia asubiri saa kadhaa, jambo linalotokea misimbo inapoombwa mara nyingi mfululizo, na wapo matapeli wanaolifanya kusudi ili kumchelewesha mwenye namba. Muda ulipokwisha, msimbo ukaja, akauandika. Hapo hapo tapeli akatolewa.

Lakini yeye naye hakuingia. Programu ilimtaka PIN ya tarakimu sita ambayo hajawahi kuiweka. Tapeli alikuwa ameiweka usiku ule ule, kwa kutumia kinga iliyokusudiwa kumlinda mwenye namba. Asiyejua PIN hiyo hulazimika kusubiri siku saba ndipo aruhusiwe kuingia bila hiyo. Siku saba katikati ya msimu wa vitunguu, bila oda za wateja wala bei za soko, si kitu kidogo. Faraja ni kwamba katika siku hizo tapeli naye yuko nje. Hutolewa pale tu mwenye laini anapoandika msimbo mpya, hata kama PIN bado inamzuia. Ndiyo maana kila dakika ina maana, na ndiyo maana aliyekwisha kuiweka PIN yake mapema, kwenye Settings, kisha Account, kisha Two-step verification, angeponyoka hata baada ya kutoa msimbo: tapeli angekwama mlangoni.

Jingine linawahusu hasa wanaovuka. Wengi wana laini mbili au tatu, ya Tanzania, ya Kenya, pengine na ya Uganda, na WhatsApp imesajiliwa kwa laini ambayo imebaki kwenye simu ndogo nyumbani, au iliyoachwa bila salio hadi ikafungwa. Siku ya matatizo, msimbo wa kuokoa akaunti utakwenda kwenye laini hiyo na si nyingine. Anayetumia WhatsApp kwa namba ambayo haipo tena mkononi mwake ana nyumba asiyokuwa na ufunguo wake.

Ipo sura ya pili ya ulaghai huu, na ni ya hatari zaidi kwa sababu hakuna ujumbe mfupi unaokuja. Ukurasa wa kura unaomba namba ya simu, kisha wenyewe ndio unaokuonyesha msimbo, safari hii wa herufi na tarakimu nane, na kukuelekeza: fungua taarifa ya WhatsApp iliyotokea kwenye simu yako, uandike msimbo huu ili kura ihesabiwe. Aliyefundishwa “usimpe mtu msimbo” haoni kosa, maana yeye hampi mtu, anapewa. Kumbe anachofanya ni kuiunganisha kompyuta ya tapeli na akaunti yake, kwa njia ile ile anayotumia karani wa duka kusoma WhatsApp ya ofisini kwenye kompyuta.

Hapa simu haijifungi. Kila kitu kinaendelea kama kawaida, na tapeli anasoma kimya kimya, yakiwemo mazungumzo ya siku za nyuma yanayohamishiwa kwenye kifaa kipya. Anajua nani anadaiwa, mzigo upi unavuka lini, na malipo yanakwenda namba gani. Hahitaji kuomba hela kwa watu 200. Anasubiri siku ya malipo makubwa, anatuma namba yake badala ya yako, kisha anafuta ujumbe.

Dalili yake ni ujumbe unaoonekana umesomwa kabla hujaufungua, au mteja anayejibu jambo ambalo hukuandika. Namna ya kuhakikisha ni fupi: ndani ya WhatsApp fungua Linked devices. Vifaa vyote vilivyounganishwa vimeorodheshwa hapo, na saa kilipotumika mara ya mwisho. Usichokitambua, kiguse na uchague Log out. Kubadilisha laini hakusaidii, wala kuzima simu usiku.

Fedha zikishatumwa, nafasi ya kuzirudisha hupimwa kwa dakika. Kwa laini ya Safaricom, ujumbe wa muamala hupelekwa kwenye namba 456 kuomba urejeshwe, lakini kama aliyepokea ameshatoa hela kwa wakala, hakuna cha kurejesha. Kwa upande wa Tanzania, namba za matapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Mteja wa Nairobi aliomba marejesho asubuhi, zaidi ya saa kumi baada ya kutuma. Hakukuta kitu.

Na yule shoga aliyetuma kiungo? Hakukituma yeye. Akaunti yake ilikuwa imechukuliwa siku mbili kabla, kwa ukurasa wa kumpigia kura mtoto wa mtu kwenye mashindano ya shule. Alikuwa bado anazihesabu siku zake saba, na aliona aibu kuwaambia wenzake.

Siku ya nane mama wa vitunguu alirudi kwenye grupu. Sasa yeye na wateja wake wawili wakubwa wana makubaliano: namba mpya ya malipo haifuatwi mpaka mmoja apige simu ya kawaida na kuisikia sauti ya mwenzake. Kuhusu zile 18,000, mteja anasema zikatwe kwenye bei ya lori lijalo, kwa kuwa ziliombwa kwa namba ya mama. Mama anasema aliyetuma aliliona jina akanyamaza. Lori linapakiwa Mang'ola Alhamisi, na hawajaafikiana.