Dawa za Fangasi: Mbona Hii Wiki Moja, na Ile Wiki Nne?

Fangasi wa miguuni hupenda kukaa kati ya vidole, pale ambapo maji ya udhu hubaki bila kufutwa. Ngozi hulainika, huwa nyeupe, huchanika na kuwasha. Katika duka la dawa, mgonjwa aghalabu hupewa krimu ya klotrimazoli, ambayo hupakwa mara mbili au tatu kwa siku hadi wiki nne, au ya terbinafini, ambayo kwa kawaida humaliza kazi kwa wiki moja. Wengi hudhani tofauti hiyo ni ya bei au ya kampuni. Sivyo.

Seli ya fangasi inafanana na ya mwanadamu kuliko inavyofanana na ya bakteria. Kwa hiyo dawa ya kumdhuru yeye bila kutudhuru sisi lazima ilenge kitu alicho nacho yeye peke yake. Kitu hicho ni ergosteroli, mafuta yanayouimarisha utando wa seli yake. Utando wetu hutumia kolesteroli.

Fangasi huitengeneza ergosteroli kwa hatua nyingi. Terbinafini huzuia hatua ya mapema, na malighafi iitwayo skwaleni hurundikana ndani ya seli. Fangasi wa ngozi hukosa ergosteroli, na papo hapo hudhuriwa na mrundikano huo, hufa. Klotrimazoli huzuia hatua ya baadaye. Utando huwa dhaifu na ukuaji husimama, lakini fangasi wengi hudumaa tu. Hao huondoka pale ngozi iliyowabeba inapobanduka, jambo linalochukua majuma. Mwasho hutulia mapema zaidi, na hapo ndipo wengi huiweka krimu kabatini. Baada ya muda ugonjwa hurudi. Ndiyo maana klotrimazoli huendelezwa kwa wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona.

Utando mweupe wa kinywani mwa mtoto mchanga ni fangasi wa jamii nyingine, na aghalabu hutibiwa kwa matone ya nistatini. Dawa hii hujibandika kwenye ergosteroli yenyewe na kuutoboa utando. Lakini ikimezwa haipenyi kuingia katika damu, basi kumnywesha mtu nistatini ili kutibu miguu ni kazi bure.

Zipo pia dawa kama kaspofungini, zinazozuia ujenzi wa ukuta wa seli, ambao sisi hatuna kabisa. Hizo hutolewa kwa dripu hospitalini, kwa maambukizi mazito ya ndani ya mwili.

Tunalohofia zaidi majumbani ni krimu za steroidi zinazopakwa kila penye mwasho. Steroidi haigusi utando wala ukuta wa fangasi. Huipoza tu ngozi inayopambana naye. Wekundu hufifia, kingo za baka hupoteza umbo lake la duara, na baka lenyewe huzidi kutanuka. Anayeiona dalili hiyo amwoneshe daktari, na aende na krimu aliyokuwa akiitumia.