Jirani wa Ramani, Jirani wa Mkongo

Chukua tovuti yenye seva mbili, moja Cape Town na nyingine Frankfurt. Mwenye tovuti anataka kila mgeni ahudumiwe na seva iliyo karibu naye, kwa hiyo anaingia kwenye huduma ya DNS anayoilipia, tuseme Route 53 ya Amazon, na kuweka kanuni isiyoonekana kuwa na kasoro: Afrika yote iende Cape Town, wengine wote waende Frankfurt. Msomaji wa Dar es Salaam huenda asilalamike. Atakayeumia ni wa Kairo.

Simu ya msomaji, kabla ya kufungua ukurasa, huuliza DNS jina la tovuti lina anwani gani. Kwa kawaida kila anayeuliza hupewa jibu lilelile. Huduma hizi za kukodi huweza kumtazama anayeuliza kwanza, kisha zikampa huyu anwani ya Cape Town na yule ya Frankfurt. Kazi yao inaishia hapo, kwani ukurasa wenyewe haupiti kwao.

Kanuni ya mwenye tovuti wetu ni ya kijiografia. Kwenye skrini ya Route 53 inaitwa Geolocation. Inatazama anwani ya IP ya muulizaji, inakisia ni ya nchi gani, basi. Kairo iko Afrika, kwa hiyo jibu ni Cape Town. Lakini kutoka Kairo hadi Cape Town ni kama kilomita 7,200 kwa mstari ulionyooka, na hadi Frankfurt hazifiki 3,000. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kwenda na kurudi Cape Town hakupungui milisekunde 72, ilhali Frankfurt ni kama 29. Ukurasa salama nao kwa kawaida huhitaji safari tatu za namna hiyo kabla neno la kwanza halijaonekana: kufungua mawasiliano, kukubaliana siri, kisha kuomba ukurasa. Na mikongo hainyooki kama rula, hivyo hali halisi ni mbaya zaidi.

Kanuni ya pili, Latency, haijali bara wala mpaka. Amazon hupima muda unaotumika kati ya mitandao ya watumiaji na vituo vyake, na muulizaji hupewa seva ya kituo chenye muda mfupi zaidi. Chini ya kanuni hii, wa Kairo angepelekwa Frankfurt bila mtu kuandika neno Misri popote. Hata wakazi wawili wa Dar es Salaam wanaweza kupata majibu tofauti, ikiwa mtoa huduma wa mmoja anapitisha mawasiliano kusini na wa mwingine anayapitisha Ulaya kwanza. Ila vipimo hivyo hukusanywa kwa muda mrefu. Si vya dakika hii. Mkongo ukikatika leo asubuhi, usitegemee DNS ijue papo hapo. Wala haijui kama seva imezidiwa, na ikizimika kabisa itaendelea kutajwa mpaka uwe umeambatanisha ukaguzi wa afya.

Tatizo linalowasumbua mafundi zaidi liko kwingine. Anayeuliza kwa kawaida si simu yako, ni seva ya DNS inayouliza kwa niaba yako. Ofisi ya Dar es Salaam ambayo kompyuta zake hutumia DNS ya makao makuu London itaonekana iko London, na itapelekwa Frankfurt. Google, kwenye 8.8.8.8, hupunguza tatizo hili kwa kupeleka pia sehemu ya mwanzo ya anwani yako, 1.1.1.1 ya Cloudflare haifanyi hivyo, kwa ajili ya faragha. Ukitaka kujua ni nani anayeonekana badala yako, andika:

```
dig +short TXT o-o.myaddr.l.google.com
```

Jibu ni anwani ya seva iliyouliza kwa niaba yako. Ikiwa pia imepeleka sehemu ya anwani yako, utaona mstari wa pili wenye maneno `edns0-client-subnet`.

Binafsi ningeanza na Latency, na Geolocation ningeiacha kwa mambo yanayofuata mipaka kweli, kama vile haki za kuonyesha mechi ambazo zimeuzwa nchi moja tu. Hata hapo kuna mtego. Zipo anwani za IP ambazo hazijulikani ni za nchi gani, hata ukiandika kanuni kwa kila bara. Usipoweka kanuni ya jumla, ile inayoitwa Default, wenye anwani hizo hawapelekwi mbali. Hawapewi anwani yoyote. Kwao tovuti haipo, na wewe mwenyewe, ukiifungua ofisini kwako, utaiona inafanya kazi vizuri kabisa.