Somo la Uwekaji Hesabu: Urari Unathibitisha Nini?

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu, kwa maana leo tutaandika. Mwalimu wa darasa, tafadhali chora ubaoni safu mbili za tarakimu: ya kushoto iwe debiti, ya kulia iwe krediti.

Juma lililopita tulijifunza kwamba kila jambo la fedha huandikwa mara mbili katika leja, mara moja katika debiti ya hesabu moja na mara moja katika krediti ya hesabu nyingine. Leo twachukua leja ya duka dogo la kijijini. Mwenye duka alianza kwa kuweka mtaji wa shilingi 200,000 taslimu. Akanunua bidhaa kwa shilingi 120,000, akauza bidhaa na kupokea shilingi 90,000, kisha akamlipa seremala shilingi 30,000 kwa rafu ya kupangia bidhaa. Mwisho wa mwezi karani wake alitoa salio la kila hesabu, akaandika orodha hii:

Fedha taslimu: debiti 140,000
Manunuzi ya bidhaa: debiti 150,000
Mtaji: krediti 200,000
Mauzo: krediti 90,000

Jumlisheni. Debiti ni 290,000. Krediti nayo ni 290,000. Orodha hiyo ndiyo iitwayo urari. Karani akafurahi, akafunga leja.

Je, furaha yake ilikuwa ya haki? Urari ulimwambia kwamba jumla ya debiti alizoandika ni sawa na jumla ya krediti alizoandika. Kama angaliandika mauzo ya 54,000 upande mmoja na 45,000 upande wa pili, pande mbili zingetofautiana kwa 9,000, naye angalijua mara moja kwamba pana kosa. Mizani ya sokoni hukuonyesha kwamba vilivyo katika sahani mbili vina uzito sawa. Haikuambii kama ndani ya gunia mna mchele au mchanga.

Sasa itazameni tena hesabu ya manunuzi. Mwenye duka alinunua bidhaa za 120,000. Mbona pameandikwa 150,000? Karani aliitia rafu humo. Alitoa 30,000 katika fedha taslimu kama ipasavyo, na 30,000 nyingine akaiandika katika debiti. Upande ni sahihi, hesabu siyo. Rafu ilistahili hesabu yake mwenyewe, ya samani, kwa kuwa si kitu cha kuuza. Itakaa dukani miaka. Mwisho wa mwaka gharama ya bidhaa itaonekana kubwa kwa shilingi 30,000 kuliko ilivyo, na mwenye duka atadhani biashara yake ni dhaifu kuliko ilivyo. Kosa la namna hii hugunduliwa kwa kusoma kila mstari wa hesabu ya manunuzi na kuuliza: hiki kilinunuliwa ili kiuzwe?

Kosa la pili limejificha zaidi. Katika mwezi ule fundi baiskeli alichukua sukari ya shilingi 15,000 kwa mkopo. Karani aliandika jambo hilo katika kikaratasi, akakichomeka msumarini, asikumbuke kuliandika katika leja. Hakuna debiti ya mdaiwa, hakuna krediti ya mauzo. Urari utalalamikia nini, ikiwa pande zote mbili zimenyimwa sawasawa? Hata mkihesabu fedha za sandukuni mtapata 140,000 kamili, kwa sababu fundi hajalipa senti. Kikaratasi kikipeperushwa na upepo, sukari imekwenda bure, labda fundi mwenyewe aje kulipa deni lake.

Basi rekebisheni. Andikeni upya urari:

Fedha taslimu: debiti 140,000
Manunuzi: debiti 120,000
Samani: debiti 30,000
Mdaiwa, fundi baiskeli: debiti 15,000
Mtaji: krediti 200,000
Mauzo: krediti 105,000

Jumla ni 305,000 kila upande. Angalieni vizuri: urari wa kwanza ulikuwa sawa, na huu pia ni sawa. Tofauti yao haikuonekana katika jumla. Ilipatikana kwa kuchukua vikaratasi vyote vya msumarini, kimoja kimoja, na kuweka alama kila kinapoonekana katika leja. Kazi hiyo inachosha, nami sijaona njia ya mkato.

Zoezi la nyumbani. Karani mwingine aliandika deni lile la 15,000 vizuri katika mauzo, lakini debiti akaitia katika hesabu ya fundi cherehani, ambaye hakuchukua kitu. Andikeni urari wake, mseme kama pande zitalingana, na nani atakayekuja dukani na hasira siku atakapodaiwa. Majibu tutayasikiliza juma lijalo. Kwaherini.