Ofa Mkononi, Usaili Njiani

Jumanne tarehe 10, saa tisa alasiri, barua ya ofa inaingia kwenye barua pepe ya mhasibu kijana wa Dar es Salaam. Kampuni ya usambazaji wa vyakula inamtaka, na inataka jibu kabla ya Ijumaa tarehe 13, saa kumi jioni. Tabu ni kwamba kampuni nyingine, ambayo ndiyo hasa anayoitamani, imemwita kwenye usaili wa pili Jumatano tarehe 18. Kati ya Ijumaa na Jumatano kuna pengo la siku tano, na pengo hilo ndilo linalowafanya wengi waharakishe kusaini, au wanyamaze kimya mpaka ofa ipoe.

Wengi wakifika hapa huandika mara moja kwa aliyetoa ofa: naomba muda kidogo nifikirie. Mimi ningemshauri aanze kwa kumpigia yule anayemsubiri. Muda wa kuomba haupimwi kwa hofu uliyonayo. Unapimwa kwa siku ambayo kampuni ya pili itaweza kusema ndiyo au hapana, na siku hiyo haijui mtu isipokuwa wao.

Kwa hiyo kijana wetu ampigie ofisa rasilimali watu wa kampuni ya pili: "Dada, samahani kwa usumbufu. Nimepata ofa ya maandishi kwingine na natakiwa kujibu mapema. Ninyi bado ni chaguo langu la kwanza. Je, usaili unaweza kusogezwa mbele? Na baada ya usaili, majibu huchukua siku ngapi?" Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Usaili wa Jumatano hauleti ofa Jumatano. Jopo linakaa kulinganisha alama, wadhamini wanapigiwa simu, vyeti vinahakikiwa, kisha mkurugenzi anasaini, na mkurugenzi huyo huenda yuko safarini. Ukiambiwa mchakato mzima utachukua wiki tatu, basi kuomba siku tano kwingine ni kujisumbua bure. Hapo ipime ofa uliyonayo kana kwamba ile ya pili haipo, ukubali au ukatae.

Tuseme yule dada amejibu vizuri: usaili unaweza kuwa Jumatatu tarehe 16, na uamuzi utajulikana kufikia Alhamisi tarehe 19. Sasa kijana ana tarehe ya kuomba. Anaandika kwa kampuni ya kwanza siku hiyohiyo ya Jumanne, kabla ofisi hazijafungwa:

"Ndugu Ofisa Rasilimali Watu, nimepokea barua yenu ya ofa na ninashukuru sana kwa kuniamini. Nafasi hii naitaka kwa dhati. Nina mchakato mmoja wa usaili nilioanza kabla ya ofa yenu, ambao utakamilika wiki ijayo. Naomba niwape jibu la mwisho Ijumaa tarehe 20, kabla ya saa sita mchana. Iwapo tarehe hiyo itawakwaza, naomba mniambie mnaweza kunisubiri hadi lini. Pia naomba nakala ya mkataba wenyewe niusome katika muda huo."

Barua hiyo ni fupi, ina tarehe moja na sababu moja ya kweli, na kampuni nyingine haijatajwa jina. Wapo wanaoona ni hatari kukiri kuwa una usaili kwingine. Ofisa aliyezoea kuajiri hashangai hata kidogo. Yeye mwenyewe amewasaili wenzako kadhaa. Kinachomuudhi ni ukimya, au ombi lisilo na mwisho. Kumbuka anavyohesabu: kama bado uko kazini kwingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa kazi, ambapo siku 7 zinatosha. Kila siku unayoiomba kwake inaongezwa juu ya hizo 28, na kiti kiko wazi muda wote huo. Tena ana mtu wa pili kwenye orodha, ambaye naye ana ofa zake za kujibu.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo watu hulichanganya. Kuomba muda si kukataa ofa. Lakini ukiandika "nitakuja mkinipa milioni moja na nusu", hapo umetoa pendekezo jipya, na pendekezo jipya laweza kuizima ofa ya awali. Mahakama za Uingereza, ambako sheria yetu ya mikataba ina mizizi yake, zilishaipambanua tofauti hiyo. Mwaka 1840, katika shauri la Hyde na Wrench, mtu aliuziwa shamba kwa pauni 1,000, akasema atatoa 950. Alipogeuka na kukubali 1,000, mahakama ilisema ofa ilikwishakufa. Mwaka 1880, katika shauri la Stevenson na McLean, mnunuzi wa chuma aliuliza tu kama angeweza kupewa muda wa kupokea mzigo, na mahakama ikaona kuwa kuuliza hakukuiua ofa. Kwa hiyo omba muda kwa lugha ya kuuliza, na mjadala wa mshahara uuweke mbali na barua hiyo.

Hata hivyo, usijione uko salama. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtoa ofa anaweza kuifuta wakati wowote kabla hujakubali. Hata akikuandikia "tutakusubiri hadi tarehe fulani", ahadi tupu ya kusubiri, ambayo hukuilipia chochote, kwa kawaida haimfungi.

Turudi kwa kijana wetu. Kampuni ya kwanza inajibu Jumatano asubuhi: Ijumaa tarehe 20 ni mbali, wanaweza kusubiri hadi Jumatano tarehe 18, saa kumi jioni. Asibishane. Ashukuru, akubali tarehe hiyo kwa maandishi, kisha aiarifu kampuni ya pili kuwa sasa ana mpaka Jumatano. Kuomba mara ya pili ni kuchezea imani ya watu.

Anasailiwa Jumatatu. Jumatano saa nne asubuhi simu inalia: "Tumekupenda, barua inakuja wiki ijayo." Wengi huteleza hapa. Neno la simu lina furaha nyingi, lakini halina mshahara, cheo wala tarehe ya kuanza kazi, na mkurugenzi bado hajasaini. Aombe barua pepe yenye mambo hayo matatu kabla ya saa nane. Ikija, anaweza kuikataa ile ya kwanza kwa amani. Isipokuja, mimi ningekubali ile yenye karatasi.

Kusaini ya kwanza kisha kuikimbia ya pili ikifika ni njia ambayo baadhi huiona ya kijanja. Ukishasaini una mkataba, na kuuvunja kuna gharama, hata kama waajiri wachache hufika mahakamani kwa jambo hilo. Maofisa wa ajira nao wanafahamiana na hupigiana simu. Kwa sababu hiyohiyo usibuni ofa isiyokuwepo ili kuwaharakisha wengine. Ukiambiwa "basi ichukue hiyo", huna pa kwenda.

Utumishi wa umma una utaratibu wake. Anayepangiwa kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hupewa tarehe ya kuripoti kwa mwajiri, na asipotokea nafasi humwendea mwingine aliyefaulu. Huko nafasi ya kusogeza tarehe kwa sababu ya usaili kwingine ni finyu mno, kwa hiyo maamuzi hayo yafanywe kabla jina halijatoka.