Kazi ya rafadha ya mkiani

Injini ya helikopta imefungwa kwenye bodi. Inapoisukuma rafadha kuu kwenda kushoto, rafadha nayo huisukuma bodi kwenda kulia kwa nguvu ileile. Angani hakuna ardhi ya kuizuia, hivyo bodi ingezunguka kinyume.

Tuchukue helikopta ndogo: injini inatoa kilowati 150, rafadha inazunguka mara 400 kwa dakika. Nguvu ya kuzungusha bodi ni kama newtonimita 3,600. Rafadha ya mkiani, ikiwa mita 6 nyuma ya mhimili, inahitaji kusukuma kwa newtoni 600 tu, karibu uzito wa mtu wa kilo 60. Ndiyo maana mkia ni mrefu.

Rubani akiongeza nguvu apande, pua huvutwa kulia, naye hukanyaga pedeli ya kushoto. Rafadha ya mkiani ikikatika helikopta ikielea chini chini, dawa yake inashangaza: anapunguza injini mara moja. Msukumo wa kuigeuza bodi karibu wote hutoweka, kisha anatua kwa kasi iliyobaki katika rafadha kuu.