Lori Limekaa Getini Siku Nne, Nani Alipe?

Lori la vigae likitoka Mkuranga kwenda Mwanza hupita Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Njiani mengi yanaweza kuharibika, lakini pesa ya msafirishaji mara nyingi hupotelea mwisho kabisa, getini kwa mpokeaji, pale injini imeshazimwa na dereva amejinyoosha chini ya trela akisubiri kuitwa. Yanayoandikwa na kusainiwa pale ndiyo yatakayoamua ankara italipwa nzima, italipwa nusu, au itarudishwa na swali.

Tuchukue safari moja, yenye bei za mfano. Mzigo ni boksi 1,400 za vigae, tani 28. Mkataba unasema nauli ni shilingi 4,200,000 kwa safari. Mpokeaji ana saa 24 za kushusha bila malipo, kisha shilingi 250,000 kwa kila siku au sehemu ya siku gari likiendelea kusubiri. Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Nauli inaweza kuongezeka au kupungua kufuata bei ya dizeli.

Tuanze na dizeli, maana hesabu yake ni fupi japo wengi huikosea. Siku ya kusaini mkataba pande mbili ziliandika bei ya msingi, shilingi 2,800 kwa lita, na zikakubaliana kuwa mafuta ni asilimia 40 ya nauli. Siku ya kupakia, dizeli ilikuwa 3,080. Imepanda asilimia 10. Msafirishaji mwenye haraka ataongeza asilimia 10 kwenye nauli yote, yaani shilingi 420,000, na mteja atakataa, tena kwa haki. Kilichopanda ni mafuta tu. Matairi, mshahara wa dereva na marejesho ya mkopo wa gari viko palepale. Kwa hiyo ile asilimia 10 inagusa sehemu ya asilimia 40 peke yake: nauli inapanda kwa asilimia 4, sawa na shilingi 168,000.

Bei ya kupimia isiwe ya risiti ya kituo chochote ambacho dereva alijazia. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na orodha yake hutaja bei mji kwa mji, kwa hiyo mkataba uliotulia hutaja mji mmoja na siku moja, kwa mfano bei ya Dar es Salaam siku ya kupakia. Bila hivyo kila upande utachagua mji unaoupendelea. Na dizeli ikishuka chini ya ile 2,800, nauli nayo ishuke. Msafirishaji anayekumbuka kipengele hiki bei ikipanda tu hakai na mteja muda mrefu.

Sasa twende getini. Gari lilifika Ijumaa saa 10 jioni. Ghala lilikuwa limejaa, wapakuzi wameshaondoka, Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku. Vigae vilianza kushushwa Jumatatu mchana na kazi ikaisha Jumanne saa 5 asubuhi. Saa 24 za bure ziliisha Jumamosi saa 10 jioni. Kuanzia hapo hadi saa 6 usiku ni saa 8. Jumapili tunairuka. Jumatatu ni saa 24, na Jumanne, kuanzia usiku wa manane hadi saa 5 asubuhi, ni saa 11. Jumla ni saa 43, yaani siku moja na sehemu ya pili, hivyo malipo ni ya siku mbili: shilingi 500,000. Dereva atakwambia amekaa siku nne, na hasemi uongo. Lakini ankara hufuata mkataba.

Mgogoro hauanzii kwenye hesabu hiyo. Unaanzia kwenye swali la saa ilianza kuhesabiwa lini. Gari kuingia Mwanza si kitu, na hata kuegesha nje ya ukuta hakutoshi. Saa huanza dereva anaporipoti, akiwa na hati zake kamili na gari tayari kushushwa. Ikiwa karatasi ya kiwandani ilisahaulika Mkuranga na ikabidi isubiriwe, muda huo ni wa msafirishaji mwenyewe. Kifaa cha kufuatilia gari kitaonyesha kwamba lilisimama mahali fulani tangu Ijumaa, lakini hakiwezi kuonyesha kama dereva alikwenda dirishani kuripoti.

Mtunza ghala anajua kuwa akisaini saa ya kufika anamfungulia bosi wake deni, ndiyo maana hujifanya hana kalamu. “Kaka, niandikie na saa uliyonipokea,” dereva ataomba, na ataambiwa asubiri hadi mzigo ushuke. Dawa yake ni kutongoja. Dereva aandikishe jina kwenye kitabu cha mlinzi, akipiga picha ukurasa ule ikiwa ataruhusiwa, na ofisi yake imtumie mteja ujumbe wa maandishi saa hiyohiyo kwamba gari limeripoti. Mteja asipopinga siku ile, atapata shida kupinga mwezi ujao.

Na saa iandikwe kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. Dereva akiandika “10:00” akimaanisha saa 10 jioni, mhasibu aliyekaa mbele ya kompyuta husoma asubuhi. Tofauti ya saa sita inaweza kuongeza au kufuta siku nzima ya malipo. Iandikwe 16:00, au liongezwe neno jioni.

Kisha inakuja hati ya kupokelea mzigo. Sahihi iliyochorwa kama mnyoo haimtambulishi mtu. Panahitajika jina linalosomeka, cheo, muhuri wa kampuni, tarehe, saa ya kuanza kushusha na ya kumaliza, na idadi iliyopokelewa. Katika safari hii boksi sita zilikutwa zimevunjika. Iandikwe wazi: boksi 1,394 nzima, 6 zimevunjika, na wote wawili wasaini chini ya maneno hayo. Kuna madereva wanaombembeleza mpokeaji asiandike chochote ili hati ionekane safi. Ni ujinga wa gharama kubwa, kwa sababu hasara isiyo na idadi iliyosainiwa ikidaiwa baadaye, boksi sita zinaweza kugeuka sitini.

Ofisini ankara itataja namba ya safari, namba za gari na trela, tarehe ya kupakia na ya kushusha, na namba ya hati ya kupokelea. Wengi huweka kila kitu kwenye karatasi moja: nauli, mafuta na kusubiri, jumla shilingi 4,868,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inafika 5,744,240. Mimi ningezitenganisha. Nauli na mafuta vikiwa na ankara yake ya shilingi 5,154,240, mteja hana cha kubishia. Malipo ya kusubiri, shilingi 590,000 pamoja na kodi, yapewe ankara ya pili ikiambatana na nakala ya kitabu cha geti na ule ujumbe. Zikiwa pamoja, ubishi wa laki tano huzuia milioni tano. Boksi sita nazo zidaiwe kwa barua yake, zisikatwe kimyakimya kwenye nauli.

Linabaki suala la karatasi halisi. Picha ya WhatsApp hutosha kuandaa ankara, lakini wahasibu wengi hawalipi bila hati yenye muhuri, na siku 30 za malipo huanza kuhesabiwa siku wanayoipokea. Dereva akishamaliza Mwanza hutafuta mzigo wa kurudi nao, pengine pamba, pengine mchele, na anaweza kukaa wiki nzima hati ikiwa kwenye droo ya kabini. Wenye uzoefu humwagiza aipeleke stendi Jumanne ileile alasiri, ipande basi la usiku kama parseli, na Jumatano mtu wa ofisini aifuate Dar es Salaam akiwa na namba ya parseli mkononi.